Mstari wa mbele

Binamu yangu alifika kwa msusi Magomeni saa mbili asubuhi, picha iko tayari kwenye simu: rasta nyembamba kama tambi, ndefu hadi kiunoni, zimeanzia pale pale paji la uso linapoishia. Msusi hakuitazama sana picha. Alimshika nywele za panjani kwa vidole viwili, akauliza, "Dada, hizi umetia dawa lini?" Wiki tatu zilizopita. "Basi mbele nakusuka tofauti na nyuma."

Swali lile lilikuwa na maana. Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake waliona kwamba hatari ya nywele za ukingoni kunyonyoka huwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinapovutwa na msuko. Ila tusizisingizie rasta peke yake. Tatizo hili lilielezwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Grinlandi, ambao walikuwa wakifunga tu nywele zao kwa kuzikaza.

Wengi tunachagua ukubwa wa msuko kwa macho. Huyu atakwambia misuko midogo ndiyo inayong'oa, yule atakwambia minene ndiyo mizito. Cha kuangalia ni nywele zako ngapi zimebebeshwa rasta kiasi gani. Chukua kisanduku cha nusu sentimita kila upande, halafu kingine cha sentimita moja. Kwa macho cha pili ni mara mbili ya cha kwanza, lakini eneo lake ni mara nne, kwa hiyo kina nywele kama mara nne. Ukikitilia rasta mara mbili tu, kila unywele umepunguziwa nusu ya mzigo. Ukikitilia mara nne ili msuko ushibe, hujamsaidia mtu.

Ukingoni hesabu hii huharibika, kwa sababu nywele za pale ni chache, fupi na laini, hasa panjani. Kisanduku kinachofaa utosini, pale kinaweza kuwa na nywele za kuhesabika. Ndiyo maana msusi aliacha nje ukanda mwembamba wa malaika, upana wa penseli hivi, kisha safu ya kwanza akaikata visanduku vikubwa kuliko vya nyuma. Fungu la rasta alilokuwa akilitumia utosini akaligawa mara tatu, akachukua moja. Akaanza kusuka kwa nywele zenyewe, mizunguko mitatu, ndipo akaanza kuongezea rasta kidogo kidogo. Rasta ikifungwa fundo tangu mwanzo, uzito wote unaanzia shinani. Wala kukosa fundo si kinga: mkono mzito unakaza hata bila fundo.

Mpangilio nao una lake. Nywele nyingi za mbele huelekea mbele au pembeni, na msuko unaovutwa moja kwa moja kisogoni unazikunja shinani. Twende kilioni iliyoanzia ukingoni ndivyo inavyofanya, mstari hadi mstari. Ukiipenda, ianzie nyuma kidogo ya malaika, mistari ya panjani ielekezwe chini ya sikio badala ya kupandishwa juu. Na usizikusanye rasta zote kuwa kidoto kirefu utosini, maana hapo uzito wa kichwa kizima unaishia kuvuta mstari wa mbele.

Saa kumi na moja jioni msusi akamwambia ainue nyusi, kisha afumbe macho. Panja la kushoto ngozi ilinyanyuka shinani kama kijihema. Rasta mbili zilifumuliwa hapo hapo zikasukwa upya. Watu humeza dawa ya maumivu na kusubiri zilegee zenyewe, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao. Vipele shinani, au vijibomba vyeupe vinavyoteleza kwenye unywele ambavyo tunadhani ni mba, maana yake mzigo ushazidi. Baadaye ukiona uzi mwembamba wa vinywele umebaki mbele kabisa na nyuma yake ngozi tupu, hiyo ndiyo alama ambayo madaktari wa ngozi huitafuta. Mapema, ukiacha kuvuta, nywele hurudi. Zikivutwa kwa miaka, vinyweleo hugeuka kovu na hakuna mafuta ya kuzirudisha.

Binamu yangu alijitazama kwenye kioo. "Anti, mbona mbele kama zimelegea?"

"Ndivyo nilivyotaka," msusi alisema huku akikung'uta kitana. "Na wiki ya tatu usije kuniambia nikurudie mstari wa mbele tu. Njoo wiki ya sita, tufumue zote."

Alilipa, akavaa mtandio, akaufunga legelege.