Mwani Pwani, Mbuzi Bara: Kila Eneo la Kwale na Kipato Chake

Mkazi wa Kibuyuni na mkazi wa Kinango wako katika Kaunti moja ya Kwale, lakini biashara inayomlipa mmoja inaweza kumtia mwingine hasara. Kabla ya kununua vifaa, ni vyema kujua eneo lako linalipa nini.

Kibuyuni, utajiri ni bahari tulivu yenye kina kifupi. Mkulima wa mwani hufunga vipande vya mbegu vya gramu 100 hivi kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, hivyo siku nyingine hubaki huru kwa shughuli nyingine. Mavuno ni baada ya wiki sita hivi.

Hesabu yake ni hii. Kamba ya mita 10 yenye vipande 50 huchukua kilo 5 za mbegu. Mwani ukikua mara tano, hutoa kilo 25. Kilo 5 zikirudishwa kuwa mbegu, hubaki 20, ambazo zikikauka ni kama kilo 2 na nusu. Kwa hiyo kamba 100 hutoa kilo 250. Mnunuzi akitoa shilingi 30 kwa kilo, hizo ni shilingi 7,500 kwa wiki sita, kabla ya kutoa gharama. Mwani basi ni kipato cha kuongezea, si cha kutegemewa peke yake. Kikundi kinachotengeneza sabuni ya mwani hupata zaidi kwa kilo ileile.

Hatari kubwa ni joto na mvua. Matawi yakianza kuwa meupe na kukatika, vuna haraka yaliyo mazima. Mwani ulionyeshewa ukiwa unakauka hupoteza ubora, kwa hivyo uanikwe juu ya kichanja wala si mchangani.

Kinango ni kukavu. Huko hulipa mnyama anayekula majani ya vichaka na kutembea hadi majini, yaani mbuzi. Wengi hupoteza fedha kwa kununua ng'ombe wa gredi, ambaye huhitaji maji na majani mengi kila siku, vitu ambavyo kiangazi huvimaliza.

Faida ya mbuzi hutegemea wakati wa kuuza. Madume yauzwe mwishoni mwa mvua, yakiwa yamenona. Anayesubiri mpaka uti wa mgongo uonekane huuza pamoja na majirani wote, bei ya mbuzi ikiwa imeshuka na ya unga imepanda. Majike wazuri wabakishwe, kwani hubeba mimba miezi mitano tu, na kundi hurudi mvua zikinyesha.

Wakazi wanashauriwa kumwona afisa wa kilimo, mifugo au uvuvi wa wadi yao kabla ya kuanza.