Ukiomba Kumi Ili Upewe Watano

Swali hili nimeulizwa Kahama, nikaulizwa Runzewe, na juzi nimeulizwa tena kwa simu kutoka Masumbwe, na muuguzi mkunga aliyekwisha shika kalamu kumwandikia mkurugenzi dokezo sabili: "Kaka, niandike wangapi ili wanipe watatu?" Angeuliza anahitaji wangapi, tungemaliza ndani ya nusu saa kwa kikokotoo cha simu. Lakini anatafuta bei ya kuanzia, kana kwamba mkurugenzi ni muuza mitumba wa mnadani.

Imani yenyewe ni kwamba wakubwa hukata nusu, kwa hiyo mwombaji azidishe mara mbili mapema. Huko nyuma huenda ilifanya kazi. Tangu msako wa watumishi hewa wa 2016, na uhakiki wa vyeti ulioondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900 mwaka 2017, afisa utumishi akiona namba nzima isiyo na hesabu chini yake anaitilia shaka kabla hajamaliza aya ya kwanza. Na kuikagua ni kazi ya dakika mbili.

Tuikague pamoja. Namba ni za mfano, si za kituo chochote, ila wanaofanya kazi kwenye vituo vya afya vya barabara ile ya Kahama hadi Ushirombo watazitambua. Wodi ya wazazi ina wakunga wanne. Mwaka una siku 260 za kazi. Toa 20 za likizo (zile 28 za kalenda ukiondoa wikiendi), toa 12 za sikukuu zinazoangukia siku za kazi, toa 8 za ugonjwa, misiba na mafunzo. Zinabaki 220. Kwa saa 8 kwa siku, mkunga mmoja ana saa 1,760 kwa mwaka. Hizo ndizo ulizonazo kumkabidhi kazi.

Sasa kazi yenyewe, kutoka rejesta za MTUHA: wanaojifungua 1,200, kila mmoja akihitaji saa 6 za mkunga, mahudhurio ya kliniki ya wajawazito 6,000, dakika 20 kila moja, mahudhurio baada ya kujifungua 2,400, dakika 15 kila moja. Jumla ni saa 9,800. Lakini mkunga pia hujaza ripoti, hukabidhi zamu na kuagiza dawa. Tuseme shughuli hizo zinameza asilimia 20 ya muda wake. Gawa 9,800 kwa 0.8, upate 12,250. Gawa kwa 1,760. Jibu ni 6.96, yaani wakunga saba. Una wanne, omba watatu.

Njia hii si yangu. Ni WISN ya Shirika la Afya Duniani, na mwongozo wake ulioboreshwa ulitoka 2010.

Mwandikie mkurugenzi kwamba unahitaji jumla ya kumi, na afisa wake atazidisha 10 kwa 1,760 apate saa 17,600. Atatoa 12,250. Zinabaki saa 5,350 zisizo na kazi, ambazo ni kama siku 67 kwa kila mkunga kukaa bure. Umemthibitishia kwa namba zako mwenyewe kwamba wodi yako itakuwa na wavivu. Hatakupa hata hao watatu. Atalirudisha dokezo, na mwakani ukija na saba za kweli atazikata kwa sababu anakukumbuka.

Wapo wanaokimbilia ikama badala ya kuzidisha: "Mwongozo unasema kituo cha afya kiwe na watumishi 39 hadi 52, sisi tuko 20." Mwongozo wa 2014 hadi 2019 ndivyo ulivyosema. Lakini jirani yako ana upungufu huohuo, na jirani yake pia, kwa hiyo sentensi hiyo haimwambii mkurugenzi aanze na nani. Isitoshe, ikama hupangwa kwa aina ya kituo, haijui kama rashi ya dhahabu imezuka kilomita chache kutoka kwako na kuleta vijana na wake zao kabla sensa haijawahesabu. Rejesta inajua.

Kosa linaloniuma zaidi liko kwenye zile saa 6. Nimeona madokezo yaliyopimwa kwa uaminifu mkubwa, mtu amesimama na saa wodini akaandika kwamba mama mmoja anachukua saa 3. Ni kweli anachukua tatu, kwa sababu mkunga anakimbia kati ya vitanda viwili! Ukiweka tatu, kazi ya kuzalisha inashuka kutoka saa 7,200 hadi 3,600, jumla yote inakuwa 7,750 badala ya 12,250, na wakunga wanaohitajika wanakuwa 4.4. Upungufu umeyeyuka kwenye karatasi, na wodini mama bado analala peke yake. Muda unaowekwa ni ule unaotosha kuifanya kazi inavyotakiwa, si ule unaoibwa.

Unajuaje kwamba unaibwa? Fungua patografu za mwezi uliopita. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa mama akiwa kwenye uchungu uliokomaa. Ukikuta nukta zote zimepangika sawasawa, wino uleule, mkono uleule, bila hata moja iliyochepuka, patografu hiyo imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Hesabu ngapi ziko hivyo kati ya 100, uziandike kwenye dokezo. Hakuna aya ya malalamiko itakayoishinda namba hiyo.

Gharama ya kutofanya lolote nayo isiandikwe kama mahubiri. Mwaka una saa 8,760. Ili mkunga mmoja tu awepo usiku na mchana, unahitaji wakunga watano. Wanne wana saa 7,040. Saa 1,720 zilizobaki zinalipwa na mtu: likizo zisizochukuliwa, posho za kuitwa kazini, na rufaa zinazopelekwa usiku kwa sababu aliyepo hawezi kuacha wawili amhudumie wa tatu. Chukua kitabu cha gari la wagonjwa, hesabu rufaa za namna hiyo, zidisha kwa lita za safari moja. Mshahara wa mkunga mpya hulipwa na Hazina, mafuta yanatoka kwa mkurugenzi. Atalielewa hilo haraka kuliko takwimu za vifo, ingawa za vifo nazo ziwepo.

Mengine kwa haraka. Kibali cha ajira hakitoki kwa mkurugenzi, hutoka Utumishi, kwa hiyo dokezo lifike kupitia Mganga Mkuu wa Wilaya wakati maoteo ya ikama yanakusanywa, miezi kadhaa kabla ya Julai. Likifika Mei umechelewa. Weka na anachoweza mkurugenzi kufanya bila kusubiri kibali hicho: kuhamisha mkunga kutoka zahanati yenye kazi ndogo (pigia hesabu na huko), kuajiri wa mkataba kwa mapato ya ndani, kumpa karani ujazaji wa rejesta. Fedha za mgodi kwa jamii hujenga wodi, usizitegemee kwa mishahara. Ukurasa mmoja, jedwali moja, nakala za rejesta nyuma.

Mkunga wa Masumbwe alipiga hesabu zake tukiwa bado kwenye simu. Alikuwa amepanga kuomba sita. Jibu lake lilikuwa wawili na nusu, na nikamwambia aandike hivyohivyo, pamoja na nusu.