Kutoka Amri ya Mstari Mmoja hadi Maelezo Kamili ya Kazi

Ujumbe wa meneja katika kundi la WhatsApp la ofisi mara nyingi huwa mstari mmoja: "Stoo ipangwe." "Ripoti ikamilike leo." "Yule mteja ashughulikiwe haraka." Ukali wa maneno si kasoro yake kubwa. Amri fupi hutekelezwa vizuri tu ikiwa imetaja nani afanye, afanye nini na aishie wapi, na kazi iwe tayari lini. Kinachokwamisha ni kwamba mambo hayo matatu hubaki kichwani mwa meneja. Akiandika huku yuko njiani au kikaoni, huandika kile kinachomkera kwa wakati huo na kuacha mengine yote. Kwa hiyo anayeuandika upya ujumbe wa aina hiyo ana kazi ya kuyajaza yaliyoachwa, iwe ni meneja mwenyewe, katibu wake au msimamizi anayepokea amri. Adabu huja pamoja na kazi hiyo, lakini adabu pekee haitoshi.

Mfano mzuri ni wa kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matatu jijini Dar es Salaam. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025, ujumbe unaingia kwenye kundi la wafanyakazi wote: "Risiti za manunuzi za mwezi uliopita bado hazijaletwa!! Zipelekwe kwa mhasibu HARAKA. Sitaki maneno." Dakika chache baadaye watu wanne wamejibu "Sawa bosi", na wengine wameweka kidole gumba. Kwa mtazamo wa meneja, kazi imeshagawiwa. Kwa kweli hakuna hata mmoja aliyeipokea.

Sababu ya kwanza imo katika umbo la kitenzi. "Zipelekwe" haimtaji mpelekaji, na vivyo hivyo "ifanyike", "ifuatiliwe" na "iangaliwe". Kiswahili cha ofisini kinayapenda maumbo haya kwa sababu yanapunguza makali ya kumwamrisha mtu mbele ya wenzake, na kwa heshima ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kila anayesoma anaona yanamhusu mwingine. Keshia wa tawi anadhani karani wa manunuzi atapita kuzichukua risiti, naye karani anasubiri makeshia wazilete. "Leteni" ina tatizo lilelile, maana imewaambia wote kwa pamoja. Alama mbili za buluu nazo hazisaidii: zinaonyesha kwamba ujumbe umesomwa, hazionyeshi nani amekubali kubeba kazi.

Kabla ya kuandika neno jipya, anayeurekebisha ujumbe huu anapaswa kujua risiti hizo zinakwenda kufanya nini. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT Tanzania Bara huwasilisha ritani ya mwezi kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Risiti za EFD za manunuzi ndizo zinazomwezesha kuondoa kodi aliyokwisha kuilipa kwa wauzaji wake katika kodi anayotakiwa kulipa kutokana na mauzo. Manunuzi ya shilingi 1,180,000 kwa kiwango cha asilimia 18 yamebeba VAT ya shilingi 180,000. Risiti hiyo ikisahaulika kwenye droo ya tawi, kampuni italipa mwezi huo fedha ambazo ingeweza kudai. Ndiyo maana meneja alikuwa mkali. Sababu hiyo ikiandikwa kwa sentensi moja, humwongoza mtendaji kuliko alama kumi za mshangao, kwa kuwa anajua risiti ipi ni ya maana na ipi haina kazi.

Kinachofuata ni mipaka ya kazi. "Risiti za manunuzi" ni maneno mapana mno. Je, ni bidhaa za kuuza tu, au na gharama za uendeshaji kama matengenezo ya gari na vifaa vya ofisi? Risiti isiyo na TIN ya kampuni inahesabika? Karatasi ya EFD hufifia kwa jua na joto, hivyo risiti iliyokaa wiki tatu juu ya kaunta huweza kusomeka nusu tu. Mtendaji afanye nini nayo? Mipaka iliyoandikwa vizuri husema pia kisichohusika. Hapa mauzo hayahusiki, kwa kuwa mhasibu huyapata kutoka kwenye ripoti za Z za mashine zenyewe. Bila kulisema hilo, keshia mwenye bidii atajaza bahasha kwa nakala za mauzo, na mhasibu atapoteza nusu siku kuzichambua.

Mwenye kazi awe mmoja. Kwa kawaida watu hupinga jambo hili, wakisema kazi inagusa matawi matatu. Ni kweli inayagusa, lakini kuwa na mchango katika kazi ni tofauti na kuulizwa juu ya kazi nzima. Makeshia watatu wanachangia risiti, na karani wa manunuzi ndiye anayeulizwa kama zote zimefika. Katika ujumbe wenyewe hutajwa jina lake, si cheo peke yake, maana ofisi inaweza kuwa na makarani wawili. Tena apewe mamlaka yanayotosha. Karani asiye na nguvu ya kumwambia keshia wa tawi alete risiti atabaki kubembeleza, na ikifika siku ya mwisho lawama zitamwangukia yeye. Ni lazima meneja amtangaze mbele ya kundi lote.

Muda wa mwisho ndio unaohitaji hesabu, na huhesabiwa kwa kurudi nyuma kuanzia tarehe isiyosogea. Tarehe 20 Oktoba 2025 ni Jumatatu, na siku mbili kabla yake ni mapumziko ya wiki. Mhasibu mwangalifu atataka kuwasilisha Ijumaa tarehe 17. Akihitaji siku mbili za kuingiza na kulinganisha, ataanza Jumatano tarehe 15. Jumanne tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa. Inabaki Jumatatu tarehe 13 kwa ajili ya kuwarudia wauzaji ambao risiti zao zina dosari. Basi risiti zote ziwe mezani Ijumaa tarehe 10. "Haraka" ya meneja, ambayo mtu angeweza kuielewa kuwa leo au mwisho wa mwezi, imepata siku yake.

Saa nayo iandikwe kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Simu inaonyesha 10:00, na mtu wa Kiswahili anaisoma saa nne asubuhi. Ujumbe ukisema "saa 10" bila neno jingine, aliyezoea saa za simu atakuja asubuhi na mwingine atakuja jioni. "Saa 10 jioni (16:00)" inamaliza ubishi. Maneno kama "kesho mapema" na "mwisho wa siku" yaachwe, kwani kwa keshia wa duka mwisho wa siku ni kufunga milango, ilhali mhasibu wa ofisini anakuwa ameshaondoka.

Baada ya kazi hiyo yote, ujumbe mpya unaweza kusomeka hivi, jina la karani likiwekwa mahali pake:

"Habari za asubuhi wote. Karani wa manunuzi atakusanya risiti za EFD za manunuzi ya tarehe 1 hadi 30 Septemba 2025 kutoka matawi yote matatu na kumkabidhi mhasibu kabla ya Ijumaa 10 Oktoba, saa 10 jioni (16:00). Zinahitajika kwa ritani ya VAT ya tarehe 20.

Zinazohusika: bidhaa za kuuza na gharama za uendeshaji, zenye TIN ya kampuni. Risiti iliyofifia au isiyo na TIN isitupwe, iwekwe kwenye bahasha ya pembeni. Risiti za mauzo hazihusiki.

Makeshia, mpeni risiti zenu kabla ya Jumatano tarehe 8, saa 8 mchana (14:00). Asiye na risiti yoyote amwandikie hivyo. Tawi likichelewa, karani anijulishe Jumatano hiyohiyo."

Ujumbe huu umezidi ule wa kwanza kwa urefu, lakini bado unasomeka kwenye simu bila kuchosha. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana: inampa karani njia ya kupandisha tatizo kwa meneja zikiwa bado zimebaki siku mbili, bila kuonekana mchongezi. Agizo la kuandika hata kama hakuna risiti nalo lina sababu. Tawi lililo kimya linaweza kuwa halikununua kitu au halikufungua ujumbe, na karani hawezi kutofautisha.

Mara nyingi meneja hataandika hivyo, na anayepokea amri fupi hujikuta akiikamilisha yeye. Kumuuliza bosi maswali matano mfululizo kunaweza kuonekana kama ubishi, hasa pale aliposema hataki maneno. Njia inayofaa ni kumrudishia amri yake ikiwa imekamilika, kwa ujumbe wa faragha: "Shikamoo bosi. Nimepokea suala la risiti. Nitakusanya za Septemba kutoka matawi yote na kumpa mhasibu Ijumaa saa 10 jioni. Naomba uwaarifu makeshia kwamba wanipe mimi. Kama kuna la kurekebisha naomba unielekeze, vinginevyo naanza leo mchana." Meneja anabaki na kazi ya kusema ndiyo au kubadilisha neno moja, na mwenye kazi ameshajitaja.

Muda ukibadilika, uandikwe ujumbe mpya. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu, na aliyekwisha kuusoma hapati taarifa mpya kwamba tarehe imeguswa. Ujumbe wenye maelezo ya kazi ubandikwe juu ya kundi kwa siku 7, ili usizikwe na salamu na picha za harusi.

Dalili za maelezo yaliyoshindwa huonekana kabla ya siku ya mwisho. Watu wawili wanampigia mhasibu kuuliza jambo lilelile. Mwenye kazi akiulizwa amefika wapi, anajibu "naendelea" badala ya kusema matawi mawili yameshaleta na moja bado. Namna rahisi ya kupima mapema ni kumwomba mwenye kazi aeleze kwa maneno yake atakabidhi nini siku ya Ijumaa. Akisema "risiti" peke yake, mipaka bado haijaeleweka.

Si kila amri inastahili kuandikwa hivi. Mashine ikitoa moshi, "Zima umeme wa stoo sasa hivi!" ni ujumbe uliokamilika. Na kuna amri ambayo haiwezi kurekebishwa na mwandishi yeyote, ile ambayo meneja mwenyewe hajaamua anachotaka. "Wekeni mambo ya stoo sawa" huenda ikamaanisha kuhesabu mali, kubadilisha mpangilio wa rafu au kumwondoa mtu. Kubuni mipaka hapo ni kuamua kwa niaba yake. Kinachowezekana ni kupanga kazi ndogo ya kwanza yenye mwenyewe na siku yake: mtunza stoo aandike matatizo matatu makubwa aliyoyaona na kumpelekea meneja Alhamisi saa 4 asubuhi (10:00), kisha meneja achague lipi lianze.