Otea Nini Kimetokea!

Ujumbe unaingia kwenye simu ukiwa na maneno matatu tu: "Otea nini kimetokea!" Haujataja jambo lolote wala haujaomba kitu. Hata hivyo aliyeupokea amekwishaingizwa mchezoni, kwa kuwa ni vigumu kuusoma na kuuacha hivyohivyo.

Nguvu ya maneno hayo iliwahi kuchunguzwa kwa makini na Harvey Sacks, mwanasosholojia wa Marekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California kabla ya kufariki mwaka 1975. Sacks alisikiliza jinsi watoto wadogo wanavyoanza mazungumzo na watu wazima, akaona kwamba hupenda sana kuanza na swali la aina ya "Unajua nini, baba?" Mtoto ana shida moja mbele ya wakubwa: hana uhakika wa kupewa nafasi ya kusema. Akiuliza "Unajua nini?", baba hujibu "Nini?" Jibu hilo nalo ni swali, na aliyeulizwa swali ana wajibu wa kulijibu. Basi mtoto sasa anaongea kwa sababu ameulizwa, na mkubwa mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

Mtafiti mwingine wa huko California, Alene Terasaki, aliendeleza kazi hiyo mwaka 1976 kwa kuchambua namna watu wanavyotangaza habari. Alionyesha kwamba kabla ya habari yenyewe, msemaji hutanguliza kidokezo cha kupima kama mwenzake hajaisikia na kama yuko tayari kuipokea. Msikilizaji anaweza kusema "nini?", anaweza kujaribu kubahatisha, au anaweza kuifunga njia kwa kusema "nimeshasikia".

Wazungumzaji wa Kiswahili wana mchezo wa namna hii uliopangwa vizuri kuliko huo. Anayetaka kutega husema "Kitendawili!" na kusubiri. Asipojibiwa "Tega!" hana ruhusa ya kuendelea. Waliopo hujaribu kufumbua, na wakishindwa hawalazimiki kubahatisha usiku kucha. Mtegaji hudai apewe mji. Akipewa Mombasa au Tabora, husimulia kidogo jinsi alivyofika huko na alivyokaribishwa, kisha hutoa jibu. Aliyeshindwa amelipa kwa kutoa mji, mtegaji amepata fahari yake, na mambo yanasonga. Ujumbe wa "otea" kwenye simu haukuja na kanuni iliyo wazi namna hiyo ya kutokea, na hapo ndipo watu wengi hukwama.

Chukua mfano wa binti wa Tanga anayemwandikia kaka yake aliyeko Dodoma.

"Shikamoo kaka. Hebu otea nini kimetokea leo!"

"Marahaba. Umepata kazi?"

"Wapi! Otea tena."

"Haya nimeshindwa, nakupa mji, chukua Bagamoyo. Sema basi."

"Ile cherehani nimeipata! Fundi anaiuza laki mbili na nusu, mimi nina laki na nusu mkononi. Ananingoja mpaka Ijumaa."

Kaka ameucheza mchezo vizuri, na inafaa kutazama kwa karibu alichofanya. Amebahatisha mara moja, kwa jambo la kheri lakini la kawaida. Angeandika "umeshinda bahati nasibu?", cherehani ingeonekana kitu kidogo mbele ya ndoto hiyo, na furaha ya binti ingepungua kabla hajaitamka. Angebahatisha "una mimba?", huenda angegusa jambo ambalo dada yake hakutaka kulizungumza. Na kama alikwisha kuambiwa na mama habari ya cherehani, kuitaja moja kwa moja kungekuwa kumpokonya mwenye habari kitu alichokuja nacho. Katika hali hiyo heri aandike "sema, nakusikiliza."

Pia amejua pa kuishia. Ana kwa ana, uso humwonyesha mtu kwamba mwenzake amechoka. Kwenye simu, kila "otea tena" inaweza kukaa saa nzima kabla ya kujibiwa, na mchezo wa nusu dakika ukawa wa mchana mzima. Jaribio moja, yakizidi mawili, linatosha kumwonyesha mwandishi kwamba amesikika. Kukataa kabisa, kwa kuandika "sina muda wa mafumbo, sema shida yako", ni ukali ambao ujumbe wa furaha haukuustahili.

Sasa shida imejulikana: binti amepungukiwa laki moja. Wapo watakaosema kwamba mchezo wote ulikuwa njia ya kuombea pesa. Hukumu hiyo haimtendei haki. Habari ni ya kweli, furaha ni ya kweli, na ombi limekuja ndani yake kwa kuwa ndivyo lilivyo maishani mwake leo. Jibu zuri hushika yote mawili kwa mpangilio uleule: kwanza hongera kwa cherehani, pengine na swali moja kuhusu hali yake, ndipo hesabu ya pesa. Kaka akiandika "nina elfu hamsini tu" bila neno lingine, atakuwa amejibu ombi na kuiacha habari. Akiandika hongera tupu, dada atabaki hajui amwambie nini fundi ikifika Ijumaa.

Kuna mchezo wa pili unaofanana sana na huu, nao unahitaji tahadhari kubwa. Ni ule wa "Otea mimi ni nani!" kutoka namba ngeni. Tofauti iko kwenye kinachoombwa. Katika mchezo wa kwanza mwandishi anayo habari na msomaji anaibahatisha. Katika huu, msomaji ndiye mwenye kitu anachotafuta mwandishi, yaani jina. Akijibu "ni mjomba wa Korogwe?", mlaghai ataandika "Hahaa, umenijua!" na tangu hapo yeye ni mjomba wa Korogwe. Kinachofuata ni simu iliyoharibika, namba mpya, na dharura ya pesa.

Ujerumani, matapeli wa aina hii huwapigia wazee wakiwataka waotee nani anapiga, na hupenda kuwachagua kwa majina yao ya kizamani kwenye kitabu cha simu. Bibi anapotaja jina la mjukuu, amempa mgeni kitambulisho. Huko Japani mpigaji alikuwa akisema tu "ni mimi, ni mimi" na kumwacha mzazi ajaze pengo. Ulaghai huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2004 polisi ya nchi hiyo iliuweka pamoja na mbinu nyingine zilizofanana chini ya jina jipya linalotaja utumaji wa pesa.

Hapa pia si lazima kuwa mkali, maana wapo jamaa halisi wanaobadilisha namba na kupenda utani. Kiswahili kina swali la heshima linalotosha: "Nani mwenzangu?" Jamaa wa kweli atacheka na kujitaja. Anayesisitiza "otea tu, mbona umenisahau" anaweza kupimwa kwa jina la mtu asiyekuwepo: "Ni mjomba wa Kigoma?", hali ukoo hauna mjomba Kigoma. Akikubali, amejifichua. Akijitaja jina ambalo ni la kweli na bado akaomba pesa, msomaji atampigia jamaa huyo kwa namba yake ya zamani na kusikia sauti yake kabla ya kutuma chochote.