Jina la Ripoti Lisiloonekana kwenye Jalada

Ingia Google, andika `filetype:pdf intitle:"Microsoft Word"`, kisha tafuta. Zitakuja ripoti, mihtasari ya vikao na miongozo ambayo majina yake yanaanza na "Microsoft Word", yakifuatiwa na jina la faili kama mwandishi alivyolihifadhi siku ile: rasimu ya tatu, final, final mpya. Fungua mojawapo na huenda ukakuta jalada lenye jina zuri kwa herufi kubwa. Jina hilo halikutokea kwenye orodha kwa sababu kompyuta ililichukua jina mahali pengine.

Kila faili la PDF linaweza kubeba maelezo yasiyochapwa kwenye ukurasa wowote, yaani sifa za waraka. Humo mna nafasi nne anazojaza binadamu: Title ya kichwa, Author ya mwandishi, Subject ya mada na Keywords ya maneno muhimu. Nyingine, kama tarehe na jina la programu iliyotengeneza faili, hujazwa na mashine. Ukitaka kuziona, fungua faili kwa Acrobat Reader kwenye Windows, bonyeza Ctrl na D, kisha tazama ukurasa wa Description.

Mwaka 2011 Google ilieleza kwamba kichwa cha PDF kwenye matokeo yake hutokana hasa na vitu viwili: Title iliyomo ndani ya faili, na maneno ya viungo vinavyoelekeza kwenye faili hilo. Ndiyo maana kiungo kilichoandikwa "Bofya hapa" ni hasara: hakisemi lolote kuhusu ripoti, na Title nayo ikiwa mbovu, Google inabaki kubahatisha.

Tuseme katibu wa jumuiya ya watumia maji wilayani Iramba anaandaa ripoti ya mwaka 2024. Haanzi na ukurasa mtupu. Anachukua waraka wa zamani wenye nembo na majedwali yaliyokwisha kupangwa, anafuta yaliyomo, anaandika upya. Asichojua ni kwamba kwenye sifa za waraka ule Title bado ni "Rasimu ya Bajeti 2019" na Author ni "User", jina la kompyuta ya ofisi iliyoutengeneza. Kufuta maandishi ya kurasani hakugusi sifa hizo.

Sasa anataka PDF, na hapa njia zinagawanyika. Akienda kwenye kuchapa na kuchagua Microsoft Print to PDF, Word inaipelekea printa hiyo ya kufikirika kurasa tupu bila sifa zake, na jina la kazi ya kuchapa ndilo linalogeuka kichwa: "Microsoft Word - ripoti maji mpya2.docx". Akitumia Save As na kuchagua PDF, sifa zinahama pamoja na waraka, lakini zile zile za zamani, kwa hiyo ripoti ya visima inaingia mtandaoni ikiitwa rasimu ya bajeti. Kosa la kwanza angalau linaonekana kuwa ni kosa. La pili ni baya zaidi, kwa sababu mtafutaji anaamini kichwa anachokisoma na kuipita ripoti aliyokuwa akiitaka.

Dawa inaanzia kwenye Word, kabla PDF haijazaliwa. Katibu afungue File, halafu Info. Upande wa kulia ataona Title na Author, na chini kabisa kuna Show All Properties inayofungua nafasi zilizobaki, Subject ikiwemo. Akishajaza, achague Save As, aina ya faili iwe PDF, abonyeze Options na kuhakikisha Document properties ina alama ya vema. Anayetumia LibreOffice hujaza kupitia File, Properties, ukurasa wa Description, kisha husafirisha kwa Export as PDF.

Aandike nini? Kwenye Title aandike jina analoweza kulitafuta mtu asiyeijua jumuiya hiyo: "Visima vya Jamii Wilaya ya Iramba: Ripoti ya Mwaka 2024". Maneno yenye uzito yanatangulia kwa sababu kichwa kirefu hukatwa mwishoni, na "Ripoti ya Mwaka" peke yake hufanana na maelfu ya nyingine. Author iwe jina la jumuiya kwa ukamilifu, kwa kuwa ripoti ni ya taasisi. Ikiachwa, Word huweka jina la mtumiaji wa kompyuta, na kijana wa mazoezi aliyeondoka zamani anaweza kubaki mwandishi wa ripoti za ofisi. Subject inatosha sentensi moja: hali ya visima, makusanyo na matengenezo ya mwaka huo.

Asitarajie, hata hivyo, kwamba Subject na Keywords zitaipandisha ripoti kwenye Google. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwa kawaida huchotwa kwenye maandishi ya kurasa zenyewe. Faida ya nafasi hizo iko zaidi kwenye utafutaji wa ndani, mathalani Spotlight ya kompyuta za Mac, inayosoma sifa za PDF. Google Scholar nayo inataka kichwa kiwe maandishi makubwa kuliko yote juu ya ukurasa wa kwanza, na majina ya waandishi yafuate karibu yake. Na ripoti iliyopigwa skana ni picha: hata Title ikiwa safi, maneno ya ndani yatapatikana tu iwapo programu imeweza kuyasoma kwenye picha hiyo.

PDF ikiwa imekwisha tengenezwa na waraka wa Word umepotea, sifa bado zinaweza kurekebishwa. Acrobat ya kulipia inafanya hivyo, Reader ya bure haifanyi. Programu ya bure ya ExifTool inaweza, ila kuna mtego. Kichwa kinaweza kuhifadhiwa mahali pawili ndani ya faili: kwenye orodha ya zamani ya sifa, na kwenye rekodi mpya zaidi iitwayo XMP. Ukirekebisha pamoja tu, programu moja itaonyesha kichwa kipya na nyingine ile rasimu ya bajeti. Andika kote kuwili:

```
exiftool -PDF:Title="Visima vya Jamii Wilaya ya Iramba: Ripoti ya Mwaka 2024" -XMP:Title="Visima vya Jamii Wilaya ya Iramba: Ripoti ya Mwaka 2024" ripoti.pdf
```

Kumbuka pia kwamba ExifTool huongeza taarifa mpya mwishoni mwa PDF bila kufuta za zamani, na mjuzi anaweza kuzirudisha. Ni njia ya kusahihisha kichwa, si ya kuficha jina la mtu.

Faili lililosahihishwa lipakiwe kwenye anwani ile ile ya awali, ili viungo vilivyokwisha sambaa visivunjike, na palipoandikwa "Bofya hapa" pawekwe jina kamili la ripoti. Google haibadilishi kichwa mpaka ilipitie faili upya, jambo linaloweza kuchukua siku au wiki. Baada ya hapo katibu atafute `filetype:pdf site:` ikifuatiwa, bila nafasi, na anwani ya tovuti yao. Atapata PDF za jumuiya ambazo Google inazijua, kila moja na kichwa chake, na zile zinazohitaji kurekebishwa zitajionyesha zenyewe.