Muhtasari wa Mwalimu Anayehamia Kwenye Miradi

Oktoba 10, 2021, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya matumizi ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilichoonekana zaidi vijijini ni madarasa 15,000, kila moja likikadiriwa shilingi milioni 20, na yote yakitakiwa kuwa tayari kabla wanafunzi hawajaingia Januari 2022. Kazi ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti: badala ya kumpa mkandarasi, shule ikatafuta mafundi wake, ikanunua vifaa yenyewe, ikaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ndani ya kamati hizo walikaa walimu, na wengi wao waliendelea kufundisha vipindi vyao kama kawaida.

Nimekaa upande wa wanaochambua maombi ya kazi za miradi, na maombi ya walimu wa Mtwara huniumiza kwa sababu moja. Mwalimu aliyepita katikati ya ujenzi ule anaomba kazi ya afisa mradi, lakini muhtasari ulioko juu ya wasifu wake hautaji hata mfuko mmoja wa saruji. Mara nyingi unasomeka hivi: “Mwalimu mchapakazi mwenye uzoefu wa miaka 9 katika kufundisha, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na katika timu, natafuta nafasi katika usimamizi wa miradi ili kukuza taaluma yangu.”

Msomaji wa maombi hana muda mrefu wa kumpa kila mwombaji. Macho yake yanaanzia kwenye mistari hiyo mitatu au minne ya juu, na hapo ndipo anapoamua kama aendelee kusoma au aweke pembeni. Muhtasari huo umemwambia mambo mawili tu: kwamba mwombaji amefundisha, jambo ambalo angeliona mwenyewe kwenye orodha ya ajira, na kwamba anataka kitu. Mchapakazi ni kila mwombaji. Hakuna tukio, hakuna kiasi, hakuna kitu kilichoanza kikaisha.

Wengine, wakishaambiwa hivyo, huenda upande wa pili. Wanachukua kazi ya darasani na kuivalisha maneno ya miradi: andalio la somo linakuwa mpango wa mradi, wanafunzi wanakuwa wanufaika, mtihani wa muhula unakuwa tathmini ya matokeo. Nawasihi waache. Mradi una mwanzo na mwisho, una bajeti yake, na mwishoni kuna kitu kinachokabidhiwa kwa mtu mwingine. Kufundisha ni kazi inayojirudia kila mwaka, yenye thamani yake, na mtu aliyewahi kusimamia mradi anatambua mara moja kwamba amebadilishiwa majina tu. Cha kufanya ni kutafuta mradi wa kweli uliopita pembeni ya ufundishaji: ujenzi, kampeni ya chakula cha mchana, upandaji wa mikoko wa klabu ya mazingira, uchimbaji wa kisima.

Tumchukue mwalimu wa Jiografia na Kiswahili katika shule ya kata kwenye barabara ya kwenda Msimbati. Ni mfano nilioutengeneza, lakini hali zake ni za kawaida huko. Shule yake imepata madarasa 2, yaani shilingi milioni 40, na yeye ameteuliwa katibu wa kamati ya ujenzi. Wananchi wamekubali kuchimba msingi na kusomba mchanga. Tatizo ni kalenda: Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya korosho. Watu wako mashambani wakiokota, minada imeanza, na mvua za kusini zinakaribia. Siku ya kwanza ya kuchimba msingi wanatokea watu sita.

Anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanakubaliana kila kitongoji kiwe na siku yake, kazi ianze alfajiri na iishe saa tatu asubuhi, ili mtu awahi shamba lake. Mwalimu anaandika majina ya waliofika. Kila jioni anahesabu saruji: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na fundi anaweka saini. Kila Ijumaa anaandika ukurasa mmoja wa taarifa kwa mkuu wa shule: msingi umekwisha, boma limefika usawa wa lenta, kenchi zimesimama, mabati yamebaki kiasi gani. Wiki ya tatu ya Desemba madarasa yanakabidhiwa.

Hapo kuna mambo yote ambayo tangazo la afisa mradi huyataja. Kugawa siku kwa vitongoji ni mpango kazi na ushirikishwaji wa jamii. Daftari la saruji ni udhibiti wa rasilimali. Ukurasa wa Ijumaa ni taarifa ya utekelezaji. Safari hii maneno ya miradi hayajavalishwa juu ya kitu kingine, ndiyo majina halisi ya kilichofanyika.

Sasa tufike penye ugumu, ambapo walimu wengi waaminifu huteleza bila kukusudia. Ni kitenzi kipi cha kutumia? Cha kwanza kumjia mtu ni “nilisimamia mradi wa shilingi milioni 40.” Lakini si yeye aliyeusimamia. Mwenye dhamana ya fedha za shule ni mkuu wa shule. Ubora wa jengo ulikaguliwa na ofisi ya mhandisi wa halmashauri. Bei zilishughulikiwa na kamati ya manunuzi, na mizigo ilithibitishwa na kamati ya mapokezi. Kamati hizo zilitenganishwa makusudi, ili anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kwenye usaili, swali moja linatosha kulibomoa dai hilo: nani alisaini hati za malipo? Mwombaji akijibu kwamba ni mkuu wa shule, wanaomhoji wataanza kutilia shaka hata yale ya kweli aliyoyaandika.

Kwa hiyo natumia kipimo kimoja: kwa kila kitenzi, jiulize ni karatasi ipi yenye jina au saini yako inayokithibitisha. Aliyeandika muhtasari wa vikao aliratibu vikao. Aliyetunza leja alidhibiti vifaa. Aliyeandika taarifa za wiki alifuatilia utekelezaji. Shilingi milioni 40 zinaweza kutajwa, kwa sababu zinaonyesha ukubwa wa kazi, ila zikae upande wa mradi na si upande wa mamlaka yake. Kabla ya kuandika, aende akatazame daftari la vikao na leja zenyewe, maana baada ya miaka michache kumbukumbu huongeza vitongoji na kupunguza siku za kuchelewa.

Tuseme tangazo analoliomba ni la mradi wa mwani na urejeshaji wa mikoko katika vijiji vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2000. Tangazo linataka mtu wa kuandaa mipango ya shughuli, kufanya kazi na serikali za vijiji na kuandika taarifa za robo mwaka. Muhtasari wake ungekuwa hivi:

“Mwalimu wa sekondari anayehamia usimamizi wa miradi ya jamii, mwenye uzoefu wa miaka 9 katika vijiji vya pwani ya Mtwara. Nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi mwaka 2021, niliratibu nguvu kazi ya vitongoji 4 wakati wa msimu wa korosho, nikadhibiti leja ya vifaa na kuandika taarifa za kila wiki, hadi madarasa 2 ya shilingi milioni 40 yakakabidhiwa Desemba. Naendesha mikutano ya kijiji kwa Kiswahili na Kimakonde. Nimemaliza saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi na najiandaa kwa mtihani wa CAPM.”

Neno “mwalimu” limebaki mwanzoni. Kulificha hakusaidii, kwa kuwa msomaji atalikuta mistari michache chini na kujiuliza kwa nini lilifichwa. Lakini linafuatwa hapo hapo na mwelekeo mpya, kisha ushahidi. Msimu wa korosho nao haukuwekwa kama pambo. Mtu yeyote aliyeendesha mradi kusini anajua kwamba Novemba mikutano ya kijiji hukosa watu, na akiona mwombaji aliyelivuka hilo ataacha kidole chake hapo.

Sentensi ya mwisho inahitaji maelezo. CAPM ni cheti cha taasisi ya PMI kisichodai uzoefu wa kuongoza miradi: kinataka elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. PMP ya taasisi hiyo hiyo, kwa mwenye shahada, inataka miezi 36 ya kuongoza miradi. Wiki chache za kamati ya ujenzi haziwezi kugeuzwa miezi 36, na mwalimu anayeandika kwamba “anatarajia PMP hivi karibuni” anaonyesha kwamba hajasoma masharti yake. Kwa sababu hiyo hiyo ningemshauri aombe kwanza uafisa mradi au uratibu wa shughuli za vijijini, na umeneja auache usubiri. Muhtasari mzuri hauzibi pengo la kutowahi kusimamia bajeti ya mfadhili. Unaweza tu kuonyesha kwamba anayekuja amezoea kutoa hesabu ya kila mfuko.

Likija tangazo lingine, tuseme la kampuni inayohitaji mtu wa mahusiano na jamii kwenye kazi za gesi maeneo ya Madimba na Msimbati, asitume muhtasari ule ule. Leja na taarifa zirudi nyuma, makubaliano na mwenyekiti wa kijiji yaje mbele: alikuta watu hawafiki, akakaa na viongozi wao, ratiba ikabadilika, kazi ikaendelea. Tukio ni lile lile, ila limetazamwa upande mwingine. Wasifu wote unaweza kubaki ulivyo. Hii mistari minne ndiyo inayoandikwa upya kila tangazo.

Matangazo mengi hutoka kwa Kiingereza na maombi hutakiwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo aandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, kwa lugha ile ile aliyoitumia kwenye vikao vya kamati, ndipo aihamishe. Anayeanzia kwenye Kiingereza mara nyingi huazima sentensi za wasifu wa mtu mwingine, na matendo yake mwenyewe hupotelea humo.

Rasimu ikishakuwa tayari, ampelekee mkuu wa shule wa wakati ule na mwenyekiti wa kijiji, kila mmoja aisome au asomewe. Hao ndio watakaopigiwa simu kama wadhamini. Mkuu wa shule akisema, “Mwalimu, hapa ni mimi niliyeagiza mabati,” kitenzi hicho kinafutwa siku hiyo hiyo. Na mwenyekiti akikumbusha kwamba vitongoji vilikuwa vitano, namba inasahihishwa kabla ya bahasha kufungwa.