Dhahabu na nyutroni za pole

Nyutroni ikipita karibu na kiini cha dhahabu, uwezekano wa kunaswa hutegemea mwendo wake. Ikienda mita 2,200 kwa sekunde, mwendo wa nyutroni zilizopoa hadi joto la chumba, kiini huwa kwake shabaha ya bani 98.7, bani ni kipimo cha eneo dogo kupindukia. Ukipunguza mwendo kwa nusu, shabaha huongezeka maradufu, kana kwamba nyutroni imepewa muda mrefu zaidi wa kukaa jirani na kiini.

Sasa ongeza mwendo mara 14, nishati ifike elektronivolti 4.9. Kwa kanuni hiyo tungetegemea bani 7 hivi. Vipimo hutoa zaidi ya 20,000! Hapo nishati ya nyutroni imelingana barabara na ngazi mojawapo ya kiini kipya, dhahabu-198. Wanafizikia huita hali hiyo rezonansi.

Kwa hiyo wapimaji huweka kwenye tanuri la nyuklia vipande viwili vya dhahabu, kimoja kimefunikwa kwa kadimi, inayozuia nyutroni zilizo chini ya elektronivolti 0.5 hivi. Tofauti ya mnururisho wao huonyesha wingi wa nyutroni za pole. Lakini kipande kikiwa kinene, tabaka la nje humeza nyutroni za rezonansi, la ndani likabaki na njaa.